Bipu ya Asubuhi na Kitufe cha Dharura: Kupanga Simu ya Mzee Anayeishi Peke Yake

Mzee anayeishi peke yake katika nyumba ya mawe mjini Lamu anaweza kuteleza chooni asubuhi na mlango wake ukabaki umefungwa hadi magharibi bila jirani kushuku lolote. Kuta ni nene kiasi kwamba sauti ya mtu aliyelala chini haifiki njiani, na watu wa mtaa wamezoea kuona mlango huo umefungwa mchana. Kuanguka kwenyewe mara nyingi si kubaya kama muda anaokaa sakafuni: akipitisha saa nyingi bila maji, huku misuli imebanwa na uzito wa mwili wake, mafigo huanza kuathirika, na ngozi huchubuka na kuingia vidonda. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu anayempangia mzee simu ni hili: akianguka sasa hivi, mtu atajua baada ya saa ngapi?

Watu wengi huanza na kitufe cha dharura. Mimi huanza na bipu ya kila siku, na nina sababu. Kitufe humsaidia mzee aliye na fahamu, ambaye simu iko mkononi mwake na vidole vinamtii. Aliyepoteza fahamu, au aliyeacha simu juu ilhali yeye ameanguka chini, hana njia ya kukitumia. Bipu hufanya kazi kinyume chake, kwa kuwa mzee akiwa mzima huashiria kwa wakati uliopangwa, na kimya chake ndicho kinachowainua watu. Hahitaji kufanya lolote wakati wa shida.

Nitaeleza kwa mfano wa shangazi yangu, ambaye ana zaidi ya miaka sabini na anaishi peke yake mtaa wa Mkomani, Lamu, huku binti yake yuko Mombasa. Simu yake ni ya Android ya bei ya kawaida. Mwenye simu ndogo ya vitufe, yaani kabambe, anaweza kufuata sehemu ya bipu yote bila kupungukiwa na kitu.

Chagua watu kabla ya kugusa simu

Panahitajika watu watatu, na kila mmoja ana kazi yake. Wa kwanza ni mtu wa karibu, anayeweza kuufikia mlango wa mzee kwa miguu ndani ya dakika chache na ambaye ana ufunguo wa akiba. Wa pili ni mwangalizi, anayepokea bipu na kujua kama imekuja au haikuja, naye anaweza kuwa popote. Wa tatu ni wa akiba, wa kushika nafasi ya yeyote kati ya hao wawili akikosekana.

Kosa ambalo familia nyingi hulifanya ni kumweka mtoto aliye mbali kuwa mtu wa kwanza wa dharura, kwa sababu ndiye mwenye uchungu zaidi na ndiye anayelipa gharama. Mtoto aliye Mombasa hawezi kufungua mlango wa Mkomani. Atakachoweza ni kumpigia mtu aliye Lamu, na dakika hizo zimepotea bure. Kwa shangazi tulimchagua jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke ambaye hushinda nyumbani, na tukamwomba rasmi, mbele ya shangazi mwenyewe, tukamweleza atakachoombwa na tukamkabidhi ufunguo. Ikiwa mlango una komeo la ndani, ufunguo hautafaa kitu usiku; ama komeo lisitumiwe, ama fundi aweke kufuli linalofunguka kwa pande zote mbili. Hakikisheni jambo hili kwa kufunga na kufungua mlango wenyewe, si kwa kuulizana.

Mwangalizi awe mmoja tu. Mkiwaweka ndugu watatu katika kundi la WhatsApp na kusema kwamba wote wataangalia, kila mmoja atadhani mwenzake ameangalia. Wakitaka kupokezana, wapokezane kwa juma, na anayepokea zamu akubali kwa kinywa chake.

Saa za bipu

Bipu moja kwa siku haitoshi. Mzee akibipu saa moja asubuhi na kuanguka saa moja na robo, hakuna atakayejua mpaka kesho yake. Bipu mbili, moja asubuhi na nyingine baada ya isha, hulipunguza pengo hilo hadi karibu nusu. Bipu tatu sizipendekezi, maana mzee huanza kuchoka na kusahau, na sahau ya mara kwa mara huwafanya walio upande wa pili wasishtuke tena.

Ifungamanishe saa na jambo ambalo mzee halikosi. Shangazi huswali alfajiri, husoma nyuradi, kisha huteremka kuweka birika la chai. Tukachagua saa moja kamili, wakati chai imo motoni. Ya jioni tuliiweka saa mbili na nusu usiku, kabla hajapanda kulala. Angalieni hapa, kwa kuwa simu husoma saa kwa mtindo wake: saa moja asubuhi huandikwa 07:00, na saa mbili na nusu usiku huandikwa 20:30. Mtu anayepanga kwa haraka huandika 1:00 na kumwamsha mzee usiku wa manane.

Kengele kwenye simu ya mzee

Fungua programu ya saa, ingia Alarm, ongeza kengele ya 07:00, kisha chagua siku zote saba ili ijirudie yenyewe. Kwenye sehemu ya Label andika maneno mafupi ambayo mzee atayasoma yakitokea kwenye skrini; kwa shangazi tuliandika «Mbipu Mwana», maana ndivyo anavyomwita binti yake. Chagua mlio wa tofauti kabisa na mlio wa simu kuita, la sivyo atakuwa anapokea simu isiyokuwepo. Rudia vivyo hivyo kwa 20:30.

Sauti ya kengele ina kipimo chake, mbali na sauti ya simu kuita. Ingia Settings, kisha Sound, upandishe Alarm volume hadi mwisho, na uijaribu ukiwa chumba cha pili. Katika simu nyingi kengele hulia hata simu ikiwa imenyamazishwa, lakini hailii simu ikiwa imezimwa. Wazee wengi huzima simu usiku ili kuhifadhi chaji au kuepuka usumbufu, na hili lazima lizungumzwe waziwazi. Shangazi alikuwa na mazoea mengine: aliifunga simu ndani ya leso na kuiweka kwenye kabati isipate vumbi. Kengele ililia siku ya kwanza, nasi tuliokuwa msanani, yaani ukumbini, tuliisikia kwa shida kama nzi ndani ya chupa. Tukampatia kipochi cha kitambaa chenye kamba ya kuvaa shingoni mchana, na usiku simu hukaa kwenye chaji kando ya kitanda, mahali pamoja siku zote.

Kubipu kwa mguso mmoja

Hifadhi namba zote kwa kuanza na +254, ili zifanye kazi hata siku simu itakapoingizwa laini nyingine au ikiwa nje ya nchi. Kisha weka njia ya mkato. Bonyeza kwa kushikilia sehemu tupu ya skrini ya mwanzo, chagua Widgets, tafuta Contacts, kisha Direct dial, na uchague namba ya mwangalizi. Alama hiyo ikiguswa, simu hupiga moja kwa moja bila kufungua orodha. Weka picha ya mwangalizi, maana uso hutambulika upesi kuliko jina. Ondoa kwenye ukurasa huo kila alama isiyohitajika.

Vidole vya wazee huwa vikavu na vinatetemeka, nazo skrini hupata taabu navyo. Mzee hugusa na kukawia, simu ikadhani anashikilia, alama ikahama au ikafutika. Dawa yake iko Settings, Accessibility, kwenye Touch & hold delay: chagua Long, ili simu ingoje zaidi kabla ya kuhesabu kwamba amebonyeza kwa kushikilia. Baadhi ya simu pia huruhusu kufunga mpangilio wa skrini ya mwanzo usiweze kusogezwa. Palipo na nafasi hiyo, itumieni.

Kwenye kabambe kazi ni nyepesi zaidi. Namba ya mwangalizi huwekwa kwenye kitufe cha 2 kupitia Speed dial, kwa kuwa kitufe cha 1 kwa kawaida kimetengewa ujumbe wa sauti, na mzee hubonyeza 2 kwa kushikilia. Kibandike kitufe hicho doa dogo la rangi.

Kisha kubalianeni maana ya mlio. Mzee huita, akisikia umelia mara mbili hukata, na mwangalizi hapokei. Mzee asipokata, maana yake anataka kuzungumza, na mwangalizi apokee mara moja. Mpangilio huu haumgharimu mzee chochote siku ya kawaida, na bado humpa njia ya kuomba msaada kwa kidole kilekile na alama ileile.

Lakini simu isiyo na salio kabisa haiwezi hata kubipu, kwa kuwa mtandao hukataa simu kabla haijalia upande wa pili, na hii ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya kimya cha uongo. Mwangalizi amwekee mzee salio dogo kila mwanzo wa mwezi. Kwa laini ya Safaricom, salio huangaliwa kwa namba ya kwanza hapa chini, na mtu aliyeishiwa anaweza kutuma ombi la bure la kupigiwa kwa namba ya pili, akiweka namba ya mwangalizi pahali pa X:

```
*144#
*130*07XXXXXXXX#
```

Iandikeni ya pili kwa maandishi makubwa kwenye kadi, muibandike karibu na kitanda.

Simu ya mwangalizi

Hapa ndipo mipango mingi hufa. Familia humwekea mzee kengele, ikasahau kwamba bipu isiyokuja haina mlio. Hakuna simu inayoarifu kwamba jambo fulani halikutokea; mtu ndiye anayepaswa kukumbushwa aangalie. Kwa hiyo mwangalizi aweke kengele zake mwenyewe, 07:30 na 21:00, zenye maneno «Mama amebipu?», na kila zinapolia afungue orodha ya simu zilizoingia aangalie kwa macho. Akiiona, basi. Asipoiona, ngazi inaanza.

Ngazi ya shangazi ni hii. Saa moja na nusu asubuhi binti humpigia mama yake. Asipopokea, hungoja dakika 10, kwa kuwa huenda yuko bafuni, kisha hupiga tena. Asipopokea mara ya pili, humpigia jirani bila kungoja tena, naye jirani huenda, hubisha hodi, huita kwa jina, na asipojibiwa hufungua. Ikiwa jirani hapokei, hupigiwa mtu wa akiba. Hivyo kufikia saa mbili kasorobo mtu yuko njiani kuelekea mlangoni. Muda huu uandikwe na uheshimiwe, kwa sababu binadamu anapokuwa peke yake na wasiwasi hujiambia «labda amelala» hadi saa nne.

Mwangalizi pia aifungulie njia namba ya mzee wakati simu yake mwenyewe imenyamazishwa kwa Do Not Disturb. Amtie mzee nyota katika orodha ya majina, kisha aingie Settings, Do Not Disturb, Calls, na aruhusu Starred contacts. Tangu hapo simu ya mzee italia hata usiku wa manane.

Kila kimya cha uongo kitafutiwe sababu siku hiyohiyo: chaji, salio, kengele iliyozimwa badala ya kuahirishwa, au mzee amekwenda harusini na kuacha simu nyumbani. Jirani aliyeitwa mara tatu katika juma moja kwa sababu ya betri atakuja mara ya nne kwa mwendo wa pole, na huwezi kumlaumu.

Kitufe cha dharura

Bipu ikishasimama imara, ongeza kitufe. Katika simu nyingi za Android kuanzia toleo la 12, ingia Settings, Safety & emergency, kisha Emergency SOS, uiwashe. Tangu hapo kitufe cha kuwasha simu kikibonyezwa haraka mara 5, simu huanza kuhesabu kurudi nyuma kisha hupiga namba ya msaada. Baadhi ya Samsung za zamani hutumia mara 3 au 4, kwa hiyo someni maelezo yaliyo kwenye skrini yenyewe.

Angalieni ni namba gani iliyowekwa. Kwa kawaida ni 112, ambayo pamoja na 999 ndizo namba za dharura nchini Kenya. Palipo na nafasi ya kuibadilisha, mimi huweka namba ya jirani mwenye ufunguo. Vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari. Mgonjwa hubebwa kwa machela au kwa mikono hadi palipo na usafiri, na anayejua nyumba ni ipi na mlango hufunguliwaje ndiye atakayewaongoza wabebaji. Jirani akishafika, ndiye atakayepiga 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au Hospitali ya King Fahd, akiwa anamwona mgonjwa na anaweza kujibu maswali. Nyumba iliyo Malindi kando ya barabara ya gari, ambayo haina jirani wa kutegemewa, afadhali ibakie na 112.

Chini ya sehemu hiyohiyo kuna nafasi ya kuwatumia ujumbe watu wa Emergency contacts pamoja na mahali simu ilipo. Uwashe, lakini ujue mipaka yake. Ujumbe huo hutumia salio, na ramani inayoendelea kuonyesha mahali huhitaji intaneti. Ndani ya nyumba ya mawe setilaiti hazionekani vizuri, hivyo alama ya ramani inaweza kuangukia nyumba ya mtaa wa pili. Kwa watu wanaoijua nyumba hilo si neno. Kwa wageni, andikeni maelezo ya mahali kwa maneno, kama anavyoelekezwa mtu mjini: msikiti ulio karibu, upande wa daka, rangi ya mlango.

Kitufe hiki hujibonyeza chenyewe ndani ya kipochi. Chaguo la kumtaka mtu ashikilie alama kwenye skrini kabla simu haijapigwa hupunguza makosa, lakini humzidishia kazi mzee aliyeanguka. Kwa shangazi tuliacha simu ipige yenyewe baada ya kuhesabu, tukamfundisha jinsi ya kufuta, maana simu ya bahati mbaya kwa jirani ni usumbufu mdogo. Kama ingekuwa inapiga 112, ningeamua vingine.

Maelezo yanayosomeka simu ikiwa imefungwa

Kwenye Safety & emergency jazeni pia maelezo ya afya: maradhi, dawa na kipimo chake, mzio, na namba za watu watatu. Ruhusuni yaonekane simu ikiwa imefungwa, kisha mjaribu kwa kuifunga, kugusa Emergency call na kufungua maelezo hayo. Kama hamkuyaona nyinyi, muuguzi naye hatayaona. Dawa zikibadilika hospitalini, maelezo yabadilishwe jioni ileile.

Kuijaribu nyumba

Tembeeni na simu chumba kwa chumba, mkipiga kutoka kila mahali mzee anapokaa: ndani, msanani, chooni, kiwandani yaani uani, kwenye ngazi. Msitosheke na vijiti vya mtandao. Pigeni simu mzungumze. Kwa shangazi chumba cha ndani kabisa hakikuwa na mtandao hata kidogo, nasi tulihamisha kitanda chake upande wa msana. Aliuliza, «Mwanangu, nihame chumba nilichozalia kwa sababu ya simu?» Tukampigia pale alipokuwa ameketi, simu ikanyamaza mkononi mwake, akasogea hatua chache, ikaita. Akakubali mwenyewe.

Mara moja kwa mwezi fanyeni jaribio kamili: mzee asibipu wala asipokee simu kwa makusudi, bila mwangalizi kuambiwa, huku jirani akijua, na mtazame ni saa ngapi hodi inasikika mlangoni. Kitufe cha dharura nacho kibonyezwe na mzee mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa ameketi sakafuni, kwa kuwa huko ndiko atakakokihitaji.

Ramadhani hubadili saa zote. Mzee hula daku, huswali alfajiri, kisha hulala hadi jua limepanda. Kengele ya saa moja itamkatiza usingizi, naye ataizima. Usiku wa kuamkia mfungo wa kwanza hamisheni bipu ya asubuhi hadi saa tatu, yaani 09:00, na ya usiku hadi baada ya tarawehe, na mwangalizi ahamishe kengele zake siku hiyohiyo. Idi ikifika, zirudisheni zote mbili, za mzee na za mwangalizi, kabla ya kulala.